Dishi Juu ya Bati la Bi Hajira

Chumba nilichopanga kwa Bi Hajira kilikuwa cha mwanamke aliyefukuzwa kwa uchawi. Niliambiwa hivyo siku ileile niliyohamia, hata godoro sijalitandika. Mpangaji wa chumba cha jirani, Joyceline, alikuja kunipokea akiwa na beseni mkononi, akaniuliza kama nimekifukiza ubani. Nikamwambia mimi ni Mkristo, mtu wa Rombo, ubani nitaukuta kanisani. Akatikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kata tamaa na mgonjwa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mle chumbani alikaa Zamzam, mpakaji hina, kwa miaka mingi hadi akawa kama mtoto wa nyumba. Wakati wa masika palikuwa na harusi upande wa pili wa mtaa, na Zamzam akampaka hina Salha, binti wa mwisho wa Bi Hajira. Kesho yake mvua ilinyesha. Salha akatoka uani mbio kuanua mashuka, akaanguka chini ya kamba ya nguo, hakuinuka tena. Wakamzika jioni ileile, kwa kuwa maiti haicheleweshwi, na nani angekubali binti yake akapasuliwe hospitali? Lakini waosha walipofungua kiganja cha kulia, katikati ya ua la hina, walikuta alama nyeusi, imeungua. Hina ilipakwa na nani? Na Zamzam. Basi, kesi ikaishia hapo. Siku ya tatu, matanga hata hayajaanuliwa, vyombo vya Zamzam vilikuwa barabarani, na yeye juu yake anaitwa muuaji mbele ya mtaa mzima.

Nilipouliza kama kuna mtu aliyemuona akifanya lolote, Joyceline alinitazama kwa huruma. "Mama Filbert, wewe mgeni. Uani mle hata sasa kuna kitu. Ukishika ile kamba, mkono unakufa ganzi. Mtaalamu alikuja, akasema kimezikwa ardhini. Ndiyo maana hapa hakuna anayeanika bila kandambili. Kitu chake hakipiti kwenye plastiki."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu wiki hiyohiyo nikaanika nguo za mwanangu, nikahisi vidole vinatekenywa na kitu nisichokiona. Sikucheka tena. Nilirudi ndani kimyakimya nikavaa kandambili kama wenzangu, nikajiambia eti ni kwa sababu uani pana matope. Mtu mzima anaweza kujidanganya vizuri sana akiamua.

Sasa tuje kwenye dishi. Nyumba ya Bi Hajira ni ile ya Kiswahili ya zamani, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, na imebaki peke yake Kariakoo pale, imebanwa na maghorofa kila upande. Mchana kutwa mimi nauza vyombo vya plastiki Mtaa wa Kongo, napiga kelele hadi sauti inakauka. Jioni nataka kitu kimoja tu: nikae, nitazame tamthilia yangu, nisiulizwe bei. Lakini televisheni yangu na ile antena ya ndani ilionyesha chenga tupu. Maghorofa yalikuwa yamekula mawimbi yote. Fundi Onesphory, kijana wa kwetu mwenye maneno mengi kuliko vifaa, akanishauri nifunge dishi. Tatizo ni bati la Bi Hajira.

Nilimkuta barazani asubuhi ya Jumapili, anapepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo hujaenda kanisani?"

"Nimetoka misa ya kwanza. Mama, nina ombi. Naomba nifunge dishi juu ya bati."

Ungo ukasimama. "Bati langu hapandi mtu."

"Mama, dogo tu..."

"Alikuja mmoja kabla yako, akafunga miantena yake, akahama akaniachia matundu. Masika nzima nalala na sufuria kitandani. Bati langu hapandi mtu."

Mimi ukinikatalia mara moja ndipo unaniamsha. Nikavua viatu, nikakaa mkekani, nikaanza kushusha ahadi. Kwamba fundi hatatoboa bati hovyo, atafunga bolti pale palipo na mbao chini yake. Kwamba kila bolti itavishwa mpira na kuzungushiwa silikoni, maji yasipate njia. Kwamba akichubua rangi ukutani nitapaka, akivunja nitajenga, bati likiharibika nitanunua bati zima jipya. Na siku nikihama, dishi nashusha mwenyewe, tundu naziba mwenyewe, alama yoyote nitakayoiacha naifuta.

"Yoyote?"

"Yoyote, mama. Mungu ni shahidi."

Alinitazama kwa muda. Mwanamke yule alikuwa na macho makavu, ya mtu aliyemaliza kulia akabaki na hasira. "Ninyi watu wa Moshi mnajua kuuza," akasema. "Haya. Lakini nitasimama hapo chini, namtazama."

Onesphory alikuja Jumapili iliyofuata na ngazi ya mbao aliyoazima kwa seremala. Kwanza alitaka kufunga upande wa barazani, juu ya chumba changu. Akapanda, akatazama magharibi iliko hiyo satelaiti yake, akakuta ghorofa limesimama mbele yake kama ukuta wa jela. Akazunguka, akapiga hatua za paka juu ya mbao, mpaka kona ya nyuma, juu ya uani. Pale kati ya ghorofa na ghorofa palikuwa na upenyo wa anga.

"Hapa hapa!" akaniita kwa kelele. "Dada Vai, Mungu anakupenda!"

"Usinivunjie!" Bi Hajira naye akajibu kutoka chini, shingo ameinua.

Akapiga bolti zake kwenye mbao, akavalisha mipira, akamwaga silikoni mpaka Bi Hajira akanyamaza, na kwake kunyamaza ndiyo sifa. Akafunga dishi, akalilaza kidogo, akalizungusha kidogo, kile kifaa chake cha kupimia mawimbi kikaanza kulia. Waya wa dishi akaushusha ukutani, akaupitisha dirishani kwangu. Mpaka hapo hakuna lililomgusa. Alikuwa na raba za soli nene, ngazi ya mbao, yuko juu ya bati tupu, hajagusa ardhi.

Akateremka. Mlangoni kwangu, kwa adabu zake za nyumbani, akavua raba na soksi. Akaingia pekupeku kwenye sakafu ya simenti niliyokuwa nimetoka kuideki, haijakauka sawasawa. Akainama, akaushika ule waya kwenye kichwa chake cha chuma ili aukaze nyuma ya king'amuzi.

Sikuelewa nilichokiona. Nilisikia sauti kama mtu amekabwa, nikaona mgongo wa Onesphory umekakamaa, kisha akarushwa nyuma akagonga kabati, sahani zangu zote zikashuka naye. Alikaa chini amefumbua mdomo, mkono ameukumbatia kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na la kusema.

Nilipiga yowe. Joyceline akaja, Bi Hajira akaja, wote wamejazana mlangoni. Na mtu wa kwanza kusema alikuwa Joyceline, tena kwa sauti ya chini: "Nilikwambia ufukize ubani."

"Maji," Onesphory akasema. "Hapana, msinipe maji. Nipeni raba zangu. Mtu asiguse ule waya. Dada Vai, kaa mbali, nakwambia!"

Alivaa raba zake. Akatoa mfukoni bisibisi ya kupimia umeme, ile yenye kitaa ndani ya mpini, akagusisha ncha yake kwenye kichwa cha waya. Kitaa kikawaka.

"Waya wa dishi hauna umeme wa hivi," akasema. "Huu unatoka juu. Bati lina umeme."

"Bati?" nikauliza. "Bati zima?"

Onesphory akatoka kupitia ukumbini mpaka uani, sisi nyuma yake. Ile kamba ya nguo haikuwa kamba, ilikuwa waya wa chuma, upande mmoja umefungwa kwenye nguzo ya mbao, upande wa pili umezungushiwa msumari uliopigwa kwenye ukingo wa bati. Akaigusa kwa bisibisi. Kitaa kikawaka tena, kidogo lakini kimewaka, na sote tulikiona.

Nilikuwa nimeanika hapo kila wiki. Mwanangu alikuwa akipita chini ya waya ule akiruka kuushika, nikimgombeza kwa sababu tu ananichafulia nguo.

"Mnaanikaje hapa hamjafa?" Onesphory alipaza sauti, amekasirika kama sisi ndio tuliomrusha. "Nyie! Hamsikii kitu mkishika hapa?"

"Tunasikia ganzi," Joyceline akasema. "Ndiyo maana tunavaa kandambili."

"Nani aliwaambia mvae kandambili?"

Joyceline akamtazama Bi Hajira, nami nikamtazama Bi Hajira. Yeye alikuwa amekikodolea macho kile kitaa.

Onesphory alienda kuzima swichi kubwa ukumbini, akarudi akapima tena. Kitaa hakikuwaka. Akasema basi umeme ni wa humuhumu ndani, hautoki nguzoni, akapanda ngazi. Hakukaa sana. Kwenye kona, hatua mbili kutoka kwenye dishi langu jipya, waya mweupe ulikuwa unatoka chini ya bati na kuvuka kwenda kibanda cha uani, linapokaa friji la barafu na ubuyu wa Bi Hajira. Hakuna bomba wala kipande cha mpira kilichoukinga. Ulikuwa umelazwa juu ya ukingo wa bati, na bati lina meno. Upepo ukivuma unausugua, mvua ikinyesha unalowa. Plastiki ilikuwa imeliwa, na shaba ndani imekuwa nyeusi.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema kutoka juu. "Siku kavu unatekenywa tu. Lakini mtu akija pekupeku, ardhi imelowa, ameshika nguo mbichi..." Akajua anachokisema kabla hajakimaliza. Habari za nyumba ile alikuwa amezisikia kwangu.

Bi Hajira akauliza taratibu, kama anauliza bei ya kitu asichonuia kununua: "Mwanangu, umeme ukimshika mtu, unaacha alama?"

"Mama..."

"Nakuuliza."

"Unaunguza pale ulipoingilia, mama. Kama ameshika kwa mkono, ni kiganjani."

Nilidhani atapiga kelele. Nilijiandaa kumdaka. Hakupiga kelele. Alifungua kiganja chake cha kulia akakitazama, kisha akakifunga. "Ule waya niliuvutisha mimi," akasema. "Fundi alitaka kuupitisha kwenye bomba, nikamwambia asinisumbue, barafu zinayeyuka, Ramadhani imekaribia." Akakaa chini, palepale kwenye simenti ya uani, miguu ameinyoosha mbele kama msichana. "Salha alitoka pekupeku. Mimi ndiye niliyemwita. Nilimwambia kimbia, mashuka yanalowa."

Joyceline alianza kulia kwa sauti. Mimi sikuweza hata kulia. Kichwa changu kilikuwa kimekwama kwenye jambo moja, na nikilifikiria hata sasa mwili unasisimka: kwamba nyumba nzima tulivaa kandambili miezi yote ile, tukajikinga na umeme barabara kabisa, tukiamini tunajikinga na Zamzam. Dawa tuliipata. Jina la ugonjwa ndilo tulilombandika mtu.

Onesphory akaukata ule waya kwa koleo, akaung'oa wote mpaka kwenye friji. Kamba ya nguo nayo akaitoa. Nilimwambia ashushe na dishi, akakataa, akasema dishi halina kosa. Nikamwambia alishushe, sitaki kuona kitu chochote juu ya lile bati. Tukabishana bure pale uani kama watu waliosahau cha kufanya, kwa sababu hakuna aliyetaka kumtazama mama aliyekaa chini.

Asubuhi yake, kabla sijaenda sokoni, Bi Hajira alibisha mlangoni kwangu. Alikuwa amevaa baibui lake la kwendea misibani.

"Nipeleke kwa Zamzam."

"Mama, mimi hata simjui huyo Zamzam."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wengine wote wa nyumba hii walinisaidia kutoa vyombo vyake. Kwenda peke yangu sina uso."

Zamzam, kila mtu alijua alipo ingawa hakuna aliyekwenda. Alikuwa soko la Mchikichini, anauza mitumba ya watoto. Tulipita kwenye vichochoro vya jeans na viatu, wauzaji wakituita dada, mama, karibu kwangu, na Bi Hajira akitembea mbele yangu haraka, kisha polepole, kisha akasimama kabisa nikadhani atageuka. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

Nilitegemea kumkuta mtu mwenye hasira. Nilikuwa nimejiandaa kumsimamia Bi Hajira akitukanwa, tena moyoni nikisema atukanwe, anastahili. Badala yake niliona mwanamke mwembamba aliyekuwa akikunja vigauni, akainua macho, akamwona mgeni wake. Mikono yake ilirudi nyuma ya mgongo haraka, kama mtoto aliyekutwa ameshika kitu cha watu.

"Shikamoo mama," akasema.

Bi Hajira alifungua mdomo kuitika. Marahaba haikutoka. Akajishikiza kwenye meza ya nguo.

"Ulikuwa umeme," akasema. "Zamzam, ulikuwa umeme. Wa waya wangu. Bati lilikuwa na umeme, na kamba ina umeme. Jana fundi wa dishi ameuona, sote tumeuona. Alama ile mkononi... si hina. Si wewe. Mimi ndiye niliyeweka ule waya, na mimi ndiye niliyekutoa." Yote aliyasema bila kuvuta pumzi. Halafu akaanza kuinama, mtu mzima yule, apige magoti kwenye vumbi la soko, nikamzuia kwapani.

Zamzam alinitazama mimi, mtu asiyemjua, kana kwamba nahitajika kuthibitisha.

"Ni kweli, dada," nikamwambia. "Fundi wangu nusura afe."

"Umeme," akasema Zamzam.

"Umeme."

"Una hakika? Ile alama ni ya umeme?"

"Fundi amesema. Umeme unaunguza pale unapoingilia."

Akaileta mikono yake mbele, akaitazama upande huu na upande huu. Kucha zilikuwa nyeupe, hazina tone la hina, mpakaji hina yule. Bi Hajira alikuwa ameanza kusema nisamehe, nisamehe mwanangu, akirudia, lakini sidhani kama Zamzam alikuwa akimsikia.

"Mama," akasema, "hata mimi niliamini."

"Uliamini nini?"

"Kwamba ni mimi. Mlisema wote. Miaka yote nilikaa na nyie, mkanijua, halafu wote mkasema. Nikasema basi huenda ninacho na sikijui. Watu husema mtu anaweza kurithi bila kujua." Alizungumza bila kulalamika, kama anayeeleza alivyougua. "Toka siku ile sijamshika mkono mtu. Chenji naweka mezani, mteja anaokota."

Mungu wangu. Nilikuja pale na hasira zangu zote za kumtetea, nikakuta hakubaki mtu wa kumtetea, hata yeye mwenyewe alikuwa amehamia upande wetu. Bi Hajira alitoa sauti ambayo hakuitoa hata uani jana yake.

Upande wa pili wa kichochoro, juu ya marobota, alikaa msichana amempakata mtoto mchanga kwenye khanga. Alikuwa amesimamisha kila kitu anatusikiliza. Walivyofanana, hukuhitaji kuambiwa kuwa ni binti wa Zamzam.

Zamzam alivuka kile kichochoro, akajipangusa viganja kwenye gauni, akarudia kujipangusa. Alisimama mbele ya bintiye, mikono ameinyoosha.

"Sharifa," akasema. "Nipe."

Msichana hakusogea. Alimtazama mama yake, akatutazama sisi, machozi yameanza kumtoka. "Mama, tangu azaliwe umekataa kumshika."

"Nipe mjukuu wangu," Zamzam akasema.

Sharifa akampa.